Gharama ya kumpata mteja na thamani yake: ipi ya kuaminiwa?

Tuchukue programu ya masomo inayotoza shilingi 300 kwa mwezi. Baada ya gharama za seva na makato ya malipo, zinabaki 210.

Kumpata mteja ni hesabu ya fedha iliyokwisha kutoka. Matangazo ya 60,000 yakileta wateja 100 wanaolipa, waanzilishi wengi huandika 600 kwa kila mmoja. Hapo wanajidanganya: mishahara ya timu ya mauzo na kamisheni za mawakala zikiwa 80,000, gharama halisi ni 1,400.

Thamani ya mteja, kwa upande wake, ni makadirio. Wakiondoka asilimia 10 kila mwezi, mteja hukaa wastani wa miezi 10, hivyo 210 × 10 ni 2,100. Faida ipo. Lakini wakiondoka asilimia 15, mteja hukaa wastani wa miezi 6.7 hivi, thamani inashuka hadi 1,400, na faida yote imetoweka.

Kampuni changa yenye miezi minne ya takwimu haijaona mwezi wa kumi wa mteja yeyote. Mimi ningeiamini zaidi gharama, kisha nifuatilie kila kundi la waliojiunga katika mwezi uleule: wangapi bado wanalipa mwezi wa saba, ambapo 1,400 inakuwa imerudi?