Mhariri aliyeniondolea "kwa heshima na taadhima": uzoefu wangu na barua ya mapendekezo

Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule hapa Kariobangi. Huduma ninayoiandikia ni ya kijana mhariri mwenye ofisi ndogo katikati ya jiji la Nairobi, orofa ya juu, karibu na barabara ya Tom Mboya. Hushughulikia barua, maombi ya kazi na hotuba. Alinitoza shilingi 800 kwa barua ya ukurasa mmoja, na nimeridhika nayo kuliko kazi yoyote ya kuandikiwa niliyowahi kulipia.

Nilikuwa nampendekeza binti niliyemfundisha kazi, aliyepata nafasi kwa fundi mwenye karakana ya sare kule Kongowea, Mombasa. Niliandika maneno yangu kwa mkono, nikapeleka saiba fulani yachapwe na kunyooshwa. Yalirudi hivi:

"Kwa yeyote anayehusika. Kwa heshima na taadhima, ninachukua fursa hii kumpendekeza mtajwa hapo juu, ambaye ni mchapakazi, mwaminifu na mwenye kujituma. Katika kipindi chote alichohudumu chini ya usimamizi wangu ametekeleza majukumu yake kwa weledi wa hali ya juu. Aidha, ana uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo. Usisite kuwasiliana nami kwa maelezo zaidi."

Hakuna kosa la sarufi hapo. Lakini barua hiyo ingeweza kumpendekeza dereva, mpishi au karani wa benki bila kubadilishwa hata neno. Tena yule fundi wa Kongowea angenipigia simu, asikie mama anayeongea kama mimi, halafu ajiulize barua iliandikwa na nani. Mtu akishashuku barua, humshuku na aliyependekezwa.

Mhariri hakuanza na barua ya saiba. Aliniomba ile karatasi ya mkono, na kama sina, nimtumie ujumbe wa sauti nikimweleza binti huyu kama ninavyomwelezea jirani. Kisha akaweka karatasi mbili mezani na kupiga mstari chini ya kila neno la saiba ambalo halikuwa kwangu. Karibu barua nzima ilipigwa mstari. Lakini hakuyafuta papo hapo. Kila neno la sifa aliligeuza swali.

"Mama, umesema anafanya kazi chini ya shinikizo. Shinikizo lipi? Lini?"

Nikamweleza habari za Januari, shule zinapofunguliwa, wazazi wamejaa mlangoni. Ovaloki iliharibika katikati ya oda ya sketi. Mashine ya kawaida haifungi ncha za kitambaa, ukiacha hivyo nyuzi zinachomoka baada ya kufuliwa. Binti yule hakungoja niseme, aliikunja mishono ndani na kuishona mara ya pili, sketi baada ya sketi, na hakuna iliyorudishwa. "Basi hiyo ndiyo tunaandika, mama," akasema, na neno shinikizo likaondoka.

Akauliza "mwaminifu" kwa namna gani. Nikasema nilimwachia duka na pesa ya wateja nilipokwenda mazishini nyumbani, nikarudi nikakuta hesabu imekaa. Likaingia. Alipofika kwenye "mwenye kujituma" sikuwa na kisa kilichobaki, kwa hiyo alilifuta kabisa. Sifa isiyo na tukio nyuma yake ndiyo inayoifanya barua isikike kama fomu, na kutafuta neno tamu zaidi la sifa ile ile hakusaidii kitu.

Alitofautisha pia kosa na mtindo, jambo ambalo wanaonyoosha barua wengi hawalioni. Niliandika "mashine ingine", akarekebisha ikawa "mashine nyingine", kwa sababu kuacha kosa hakumfanyi mtu asikike kama yeye. Lakini "hakuniangusha" hakuligusa, ingawa saiba walikuwa wameligeuza "ametekeleza majukumu yake kwa weledi". Salamu nayo aliirudisha. Yeye husema salamu ya kweli si mapambo, na barua ya Kiswahili inayoanza na shida moja kwa moja husomeka kama amri. Alichoondoa ni "kwa yeyote anayehusika", kwa kuwa tulimjua anayehusika.

Rasimu yake ya kwanza sikuipenda, na nilimwambia. Alikuwa amekatakata kila sentensi. "Alianza na vifungo. Akajifunza kukata. Akajua." Mimi siongei hivyo, mimi huunganisha, nasema "halafu", nasema "lakini". Ile nayo ilikuwa fomu, ila fomu ya mtu mwingine. Nikamshauri aisikilize tena sauti yangu. Akaisikiliza, akaunganisha, na hii ndiyo iliyokwenda Kongowea:

"Salaam aleikum, Bwana Fundi. Natumai kazi inaendelea vizuri. Binti anayekuletea barua hii nimekaa naye dukani miaka minne. Alianza kwa kukata nyuzi na kushona vifungo, lakini sasa anapima, anakata na kushona suruali ya sare peke yake, mimi humkagulia kiuno tu. Januari ovaloki ilituharibikia tukiwa na oda ya sketi, akaikunja mishono yote na kuishona mara mbili, na hakuna sketi iliyorudi. Nimewahi kumwachia duka na pesa nikaenda nyumbani, na hakuniangusha. Kola za mashati bado zinamchelewesha, kwa hiyo mwanzoni mpe muda kidogo. Ukitaka kuuliza lolote, nipigie."

Hiyo sentensi ya kola niliitilia shaka. Mhariri akanieleza kwamba fundi mwenzangu atamwona binti akishona kola wiki ya kwanza, na akikuta nilishamwambia, ataamini na yale mengine. Nilikubali, lakini nilimwonyesha binti kwanza, kwa sababu barua ni yake pia. Akacheka, akasema ni kweli.

Kabla hajachapa alinitaka niisome kwa sauti, na pale ulimi wangu ulipokwama ndipo aliporekebisha. Mahali nilipokwama ndipo sasa pana "anayekuletea barua hii", kwa sababu mwanzo alikuwa ameandika "mwasilishaji wa barua hii".

Kuna vitu hakuvigusa, na alifanya sawa. Kichwa cha "KUH:", tarehe, jina kamili la binti, nambari ya kitambulisho na simu yangu vilibaki katika mpangilio wa kawaida wa barua rasmi, maana hapo msomaji anatafuta habari, hatafuti mtu. Nilipomuuliza kama angeweza pia kulainisha ilani ya kubadilisha kodi ya pango ambayo jamaa yangu alitaka kumpa mpangaji wake wa duka, alikataa kabisa. Kwa upangaji wa biashara unaolindwa na Sura ya 301 ya sheria za Kenya, ilani ya kubadilisha masharti hutolewa kwa fomu iliyowekwa na haianzi kufanya kazi kabla ya miezi miwili. Ukiiandika kwa maneno yako matamu, inaweza kukosa nguvu. Alimwelekeza kwa wakili.

Kasoro ya huduma hii ni muda. Huwezi kuacha karatasi na kuirudia jioni, lazima ukae naye ujibu maswali, na aliyekuja na haraka ya foleni ataudhika. Tena haimfai mtu anayetaka kumwandikia sifa asiyemjua, kwa sababu maswali yatakwisha upesi na barua itabaki mistari miwili.

Ukienda, beba karatasi yako ya kwanza hata kama imeandikwa nyuma ya risiti, pamoja na ujumbe mmoja au miwili ya simu uliyowahi kumtumia mtu huyo huyo unayemwandikia. Mwambie mapema barua inasomwa na nani, na kama mnafahamiana. Bei ya ukurasa wa pili ni nafuu kidogo, lakini barua ya mapendekezo haihitaji wa pili.