Mwaka mmoja wa kuandika muda kwenye GitLab: kazi ya saa 36 iliyokula saa 66

Natengeneza mifumo midogo ya biashara hapa Kigoma, tupo wawili, ofisi yetu iko Mwanga. Kwa miaka mingi bei na tarehe nilikuwa natoa kichwani: mteja anaeleza, namsikiliza, namwambia "wiki moja". Mwaka jana nilianza kuandika makadirio kabla ya kazi na muda halisi wakati wa kazi, kwa kutumia GitLab ambako tayari tunahifadhi programu zetu. Huu ni uzoefu wangu, na zaidi nitaeleza kazi moja, kwa sababu ndiyo iliyonifungua macho.

Utaratibu wenyewe ni mwepisi. Kila kipande cha kazi kinakuwa na tiketi yake. Ndani ya tiketi, kwenye sehemu ya maoni, unaandika amri ya makadirio, na kila ukimaliza kukaa kwenye kazi unaandika muda uliotumia:

```
/estimate 6h
/spend 1h 20m 2025-06-26
```

Tarehe unaiweka pale unapoandika muda wa siku iliyopita. Ukikosea unapunguza kwa `/spend -30m`. Pembeni mwa tiketi, penye `Time tracking`, unaona mstari unaolinganisha muda uliotumika na makadirio, na ukivuka unageuka mwekundu. Tiketi za kazi moja nikiziweka kwenye `Milestone` moja, napata na jumla yake. Huduma hii imo hata kwenye akaunti ya bure. Haina saa ya kukuhesabia dakika. Unaangalia saa yako mwenyewe unapoanza na unapoacha.

Kazi ninayosema ilikuwa ya mama mmoja anayenunua na kuuza dagaa pale Kibirizi. Alitaka mfumo wa kupokea mzigo, kuuza, na kujua nani anadaiwa. Niliigawa hivi: skrini za kupokea na kuuza saa 12, ripoti saa 8, majina ya kuingilia na haki za watumiaji saa 6, kuhamisha kumbukumbu kutoka kwenye madaftari yake saa 6, kufunga mfumo na kufundisha saa 4. Jumla saa 36. Milestone ikaonyesha `4d 4h`. Nikamwambia mama, wiki moja na kazi iko mkononi mwako.

Hapo ndipo kosa la kwanza lilipokaa, na ningependa anayeanza leo alijue mapema. GitLab inahesabu siku moja kuwa saa 8 na wiki moja kuwa siku 5. Hizo ni siku za saa za kazi tupu, si siku za kalenda. Mimi niliisoma `4d 4h` kama Jumatatu hadi Ijumaa. Kazi ilipoisha ilisomeka `1w 3d 2h`, yaani saa 66, na ukiisoma harakaharaka utadhani ni wiki moja na siku tatu. Ukweli ni kwamba nilianza Juni 9 na siku ya mwisho kuugusa mfumo ilikuwa Juni 27. Siku za kazi 15. Gawanya 66 kwa 15, unapata saa nne na dakika 24 kwa siku. Hicho ndicho kipimo changu cha siku moja. Saa zinazobaki zinakwenda kwenye simu, wateja wengine, kufuata malipo, kula. Wala si uvivu, ndivyo siku ilivyo, na tarehe ninazotoa lazima zitoke kwenye kipimo hicho.

Lakini saa 66 badala ya 36 si jambo la siku tu. Nilikaa na tiketi zote nikazipanga kwa aina. Skrini zilichukua saa 14 badala ya 12. Ripoti saa tisa na nusu badala ya 8. Haki za watumiaji saa 5 badala ya 6. Ukijumlisha kazi ya kuandika programu peke yake, nilikadiria 26 nikatumia 28 na nusu. Nimezidi kama asilimia kumi tu. Miaka yote nilikuwa najilaumu kwamba naandika programu polepole!

Muda ulikwenda kwingine. Kuhamisha madaftari: saa 6 zikawa 19. Kufunga na kufundisha: saa 4 zikawa 11 na nusu. Na marekebisho baada ya kukabidhi, ambayo hata tiketi sikuyafungulia mwanzoni, yalikula saa 7.

Zile 19 nilizifuatilia moja moja, maana kila nilipoandika muda nilikuwa naweka na maelezo mafupi. Kuchapa chenyewe kulichukua saa 5 tu, karibu na makadirio yangu. Saa 8 zilikwenda kwenye majina. Mteja mmoja kwenye daftari la Machi ameandikwa kwa jina lake, kwenye la Aprili ni "Baba" wa mwanawe, kwenye la Mei ni "yule wa Kasulu". Deni lake liko sehemu tatu, na ni mama peke yake anayejua kwamba ni mtu mmoja. Vipimo navyo vilichanganyika, huku magunia, huku ndoo. Saa 6 zilizobaki nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri daftari lirudi.

Kusubiri huko kulikuwa na sababu ambayo mzaliwa wa hapa nilipaswa kuikumbuka. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hukaa nchi kavu. Mwezi ulikuwa mpevu Juni 11. Siku hizo mama alikuwa na nafasi tele, mimi nikiwa nimejifungia Mwanga naandika skrini. Nilipokwenda kwake na laptopu, siku za giza zisizo na mbalamwezi zimeingia, mzigo unapokelewa tangu alfajiri, daftari halitoki mkononi mwa karani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo tena? Huoni mzigo unavyoshuka? Ungekuja mwezi ulivyokuwa juu, tungekaa mpaka jioni."

Hakusema kwa ubaya. Jioni ile niliiandika kwenye tiketi: "Nimesubiri daftari, giza." Saa 1 na dakika 20. Bila maelezo hayo ningeona 19 tu, nikahitimisha kwamba kuhamisha madaftari ni kugumu. Sasa najua kwamba karibu theluthi ya muda huo ilitokana na kuchagua wiki mbaya.

Kuna swali la kama kusubiri kuhesabiwe. Mimi nahesabu, kwa kuwa nikiwa pale sifanyi kazi ya mtu mwingine. Bodaboda ya kwenda na kurudi nayo naihesabu, naiweka kwenye tiketi ya kufundisha. Mwenzangu anaona muda wa safari usiingie. Tulikubaliana kwamba lolote mtu atakaloamua, asibadilishe katikati, maana uwiano wa kazi ya jana na ya leo hautalingana tena.

Baada ya hesabu hiyo, fikra ya kwanza iliyonijia ilikuwa kuzidisha kila kadirio kwa 1.83, yaani 66 gawanya kwa 36. Mwezi Agosti akaja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, anaanza upya, hana daftari la kuhamisha. Nilikadiria programu saa 40 na kufundisha saa 2. Kwa kuzidisha kwa jumla ningepata 77. Kwa kufuata aina, programu mara 1.1 ni 44, kufundisha karibu mara tatu ni 6. Marekebisho hayana kadirio la zamani la kugawanyia, huwezi kugawanya kwa sifuri, kwa hiyo niliyafunga na programu: saa 7 kati ya 28 na nusu ni robo hivi, basi kwa zile 44 nikaweka 11. Jumla 61. Kwa saa nne na dakika 24 kwa siku ni kama siku 14, nikamwahidi wiki tatu. Nilitumia saa 63, nikakabidhi siku ya 15. Kwa bei ya saa 77 sidhani kama angekubali.

Mambo mawili yanaharibu hesabu hii, na yote yalinipata.

La kwanza ni kurekebisha kadirio kazi ikiwa njiani. Ukiandika `/estimate` tena, pembeni inabaki namba mpya tu, na mstari mwekundu unatoweka. Inatuliza roho, lakini ulinganisho umekufa. Siku hizi sigusi kadirio kazi ikishaanza. Mteja akiongeza kitu, kama mama alivyoomba baadaye ujumbe wa kuwakumbusha wadaiwa, nafungua tiketi mpya yenye kadirio lake, hata kama ni kazi ya nusu saa. Ikiingizwa kwenye tiketi ya zamani itaonekana nilikadiria vibaya, kumbe kazi yenyewe imeongezeka.

La pili ni kuandika kwa kumbukumbu. Kuna wiki nilijaza kila kitu Jumamosi. Niliporudi kuzisoma nilizitambua papo hapo: 2h, 3h, 4h, 2h. Hakuna 1h 20m, hakuna 35m. Kazi halisi haiji kwa namba za duara. Nikiona tiketi yenye namba za duara tupu, siichukui kwenye hesabu ya uwiano. Intaneti ikikosekana naandika muda wa kuanza na kuacha kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye laptopu, jioni nahamishia.

Uwiano wenyewe bado nauangalia kwa tahadhari. Kwenye kuhamisha kumbukumbu, kazi tatu za mwanzo zilinipa 3.2, kisha 2.6, kisha 1.4. Nilidhani nimekuwa mzoefu. Nilipofungua tiketi nikaona ile ya tatu mteja alikuwa na faili la Excel lenye majina yaliyonyooka, hakuna daftari hata moja. Hizo ni kazi mbili tofauti. Nimeitoa lebo ya `~data` na kuweka mbili, `~daftari` na `~excel`, na sasa kabla ya kukadiria naomba kwanza kuona kurasa kumi za daftari la mteja. Nikikuta jina moja limeandikwa kwa namna tatu, nazidisha kwa tatu. Na kama ni mfanyabiashara wa dagaa, namuuliza mbalamwezi inaanza lini.