Tondi si maziwa mepesi: pakiti tatu kutoka Delhi

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Nilipomsindikiza shangazi yangu kwenda kutibiwa Delhi, alikataa maziwa ya "tondi", yaani maziwa ya kiwandani yaliyopunguzwa mafuta, akisema ni maji meupe, akataka "ful krimu" tu, kwa kuwa hapa Kampala maneno hayo huandikwa kwenye maziwa yetu ya kawaida. Jambo hilo lilinikera, kwani ni Waganda wengi wanaokwenda huko na kuchagua vibaya vilevile.

Angalieni pakiti hizi tatu za nusu lita nilizozipiga picha. Kwa kanuni za India, ful krimu ina mafuta asilimia 6, tondi asilimia 3, na yaliyoenguliwa krimu hayazidi nusu asilimia. Sasa kumbukeni kwamba kiwango cha Afrika Mashariki kwa maziwa mabichi ya ng'ombe ni mafuta yasiyopungua asilimia 3.25. Kwa hiyo tondi ndiyo inayokaribia maziwa ya ng'ombe wa kwetu Mbarara, na ful krimu ya Delhi ina mafuta karibu mara mbili yake.

Chanzo cha tofauti hii ni nyati wa kufugwa wa India, ambaye maziwa yake hufikia asilimia 7 na zaidi. Tuchukue kilo 10 za maziwa hayo. Ili kupata tondi, kiwanda huongeza kilo 12 hivi za maji pamoja na zaidi kidogo ya kilo 1 ya unga wa maziwa yaliyoenguliwa, kikapata kilo 23 zenye mafuta asilimia 3. Unga huo ndio unaoitofautisha tondi na maziwa ya mchuuzi aliyetia maji, kwa sababu hurudisha protini, sukari ya maziwa na madini ambayo maji peke yake yangeyapunguza. Mbinu hii ilianza Bombay katika miaka ya 1940, ili maziwa yawafikie watu wengi kwa bei nafuu.

Nilizichemsha zote tatu, nikaziacha zipoe. Ful krimu ilishika utando mnene ulionyanyuka kwa kijiko, tondi ikatoa utando mwembamba, na ya tatu ikabaki karibu wazi. Hata hivyo msiutegemee utando peke yake, kwa maana kiwanda kikishavunjavunja matone ya mafuta, krimu haipandi juu ipasavyo. Someni asilimia kwenye pakiti.

Katika chai, ful krimu ilikuwa tamu mno kwangu, nzito hadi ikafunika tangawizi, ilhali yaliyoenguliwa yaliifanya chai iwe ya kijivu. Bei ilifuata mafuta: ful krimu ghali zaidi, tondi chini yake, kwa kuwa krimu iliyotolewa huuzwa tena kama siagi na samli.

Nusu lita ya ful krimu ina gramu 30 za mafuta, ya tondi 15. Shangazi, aliyeambiwa na daktari apunguze mafuta, alirudi dukani mwenyewe kuchukua tondi. Video ijayo nitapima maziwa ya unga ya hapa Kampala.