Pesti mpya, kelele zile zile: uzoefu wangu na konsoli inayojizima

Nilipanga kuiponda konsoli hii ya gemu tangu sentensi ya kwanza. Sasa hasira yangu kubwa imehamia kwa fundi, ingawa waliotengeneza mashine nao hawajapona.

Waranti ilikuwa imeisha kitambo feni ilipoanza kuunguruma, mpaka napandisha sauti ya TV ili nisikie gemu. Baadaye ikaanza kujizima. Linatokea onyo la joto kwenye skrini, kisha giza, na chochote ambacho hujakihifadhi kimekwenda. Ilikuwa haifiki nusu saa. Lile onyo, na ule muda wa kupata moto kwanza, vilinionyesha tatizo ni joto. Mashine inayokatika bila onyo ikiwa bado baridi, ningeanza kushuku pawasapulai.

Nikaipeleka kwa fundi. Hata hakuisikiliza ikiunguruma. "Bosi, pesti imekauka, huo ndio ugonjwa." Akabadilisha hiyo pesti, ule ute unaopakwa juu ya chipu kupitisha joto, akaiwasha mashine mezani kwake, ikakaa saa nzima bila shida. Nikalipa kwa furaha. Nyumbani nikairudisha kwenye kabati la TV, nikafunga vioo, na kabla ya nusu saa ikazima.

Niliporudi ndipo aliponiudhi. Hakuuliza naiweka wapi. Alisema mbele ya wateja wengine: "Kwangu imewaka saa nzima. Nyie mnacheza usiku kucha halafu mnakuja kusumbua mafundi. Hiyo chipu imechoka, nunua nyingine." Kwa mdomo huo nikaondoka na mashine yangu kwapani.

Jibu lilikuwa ndani ya maneno yake mwenyewe. Mezani kwake palikuwa wazi. Ndani ya kabati, hewa moto inayotoka nyuma haina pa kwenda. Inazunguka na kuingia tena kwenye matundu ya pembeni, na kila mzunguko inaingia ikiwa moto zaidi. Feni inakimbia kwa nguvu zake zote kupuliza joto lile lile. Pesti ingesaidia nini hapo? Kazi yake ni kuziba nafasi ndogondogo kati ya chipu na hitsinki, lile pande la chuma lenye mapezi membamba, ili joto livuke. Likishavuka, kuliondoa ni kazi ya upepo.

Nikaiweka juu ya meza. Haikuzima, lakini kelele zilibaki, kwa hiyo kabati halikuwa kosa pekee. Nikaweka kiganja nyuma, kwenye matundu ya kutolea hewa. Hewa ilikuwa moto sana, lakini dhaifu kama pumzi ya mtoto aliyelala, huku feni ikipiga kelele. Hapo nikajua njia imeziba. Ingetoka hewa nyingi na ya uvuguvugu tu huku chipu ikiungua, ningeamini joto halifiki kwenye chuma, na fundi ningemwomba radhi.

Niliifungua mwenyewe, skrubu moja baada ya nyingine. Matundu ya nje yalikuwa safi, maana huwa nayafuta. Nilipoitoa feni ndipo nikaona: kwenye mdomo wa mapezi vumbi lilikuwa limeshikamana kama kipande cha blanketi la kijivu, limeziba karibu upana wote. Nililibandua kwa kibanio likatoka zima. Na chini ya hitsinki, pesti ya fundi ilikuwa mpya, nyeupe, imepakwa vizuri kabisa. Aliinua chuma hicho mkononi, akafuta upande wa chipu, akakirudisha bila kukigeuza!

Masalia niliyapuliza kwa blowa nikiwa nimeizuia feni kwa kidole, maana ikizungushwa kwa nguvu ya hewa inaweza kuharibika. Siku hiyo nilicheza jioni nzima nikisikia muziki wa gemu peke yake.

Kwa hiyo nilitaka kuipa konsoli alama za juu. Halafu nikakumbuka skrubu zote zile. Kwa nini hakuna kichujio cha vumbi ninachoweza kukichomoa nikakisuuza? Kwa nini mtu afike kwenye moyo wa mashine ili aondoe vumbi tu? Hapo bado nimekasirika, alama nazirudisha chini.

Ila ni mashine nzuri, siwezi kukataa. Sasa iko juu ya rafu iliyo wazi, nyuma yake nimeacha nafasi ya shibiri moja hadi ukutani. Kwenye gemu nzito feni bado inapanda kidogo, na pesti yoyote haitaizuia, kwa sababu chipu ikifanya kazi nyingi inatoa joto jingi. Nilijaribu mara moja kuirudisha kabatini ikiwa safi, milango wazi. Dakika kumi hivi, ule muungurumo ukaanza. Nikaitoa.

Fundi nimemwomba anirudishie hata nusu ya pesa. Kasema pesti si aliweka?