Penta 3: kuhesabu upya rejista au kukagua leja ya chanjo?

Tuseme zahanati imeripoti kwenye DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, watoto 60 waliopata Penta 3, dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, mwezi Machi. Njia ya kwanza ya kuhakiki idadi hiyo ni kufungua rejista na kuhesabu upya, mstari kwa mstari. Ukipata 51, gawa kwa 60: asilimia 85. Ukivumilia tofauti ya asilimia 10, kama ilivyozoeleka, ripoti hii imeanguka. Mara nyingi kosa ni dogo tu, kama dozi za Penta 2 kuhesabiwa kwenye safu ya jirani.

Lakini rejista iliyojazwa jioni kwa kubuni itakupa 60 kwa 60. Hapo ndipo leja, yaani daftari la akiba ya chanjo, inaposema: salio la mwanzo, jumlisha zilizopokelewa, toa salio la mwisho. Ukipata kwamba zimetumika dozi 130 tu, huku Penta 1, 2 na 3 zilizoripotiwa ni 170, basi kuna watoto wa karatasini. Kasoro yake ni kwamba mabaki ya chupa ya dozi 10 huweza kumwagwa, hivyo udanganyifu mdogo hujificha humo. Mimi huanza na leja. Ni kazi ya dakika chache.

Kiwango cha chanjo kikisoma asilimia 112, acha kwanza njia zote mbili. Kagua kigawanyo, yaani makadirio ya watoto yanayotokana na sensa.