Betri za sola zilizotumika: ununue nini cha kuzipimia kabla ya kuamua

Ukizunguka kwa wauzaji wa betri zilizotumika hapa Mwanza, kipimo utakachoonyeshwa ni kimoja: muuzaji anagusisha nyaya za mita, inasoma 12.7, anakugeuzia uone. "Nzima kabisa hii, kaka." Mita haidanganyi, ila imeulizwa swali lisilohusika. Betri ya risasi iliyopumzika ikiwa imejaa husoma 12.7 au 12.8 hata kama imebakiwa na robo ya uwezo wake. Volti zinakuambia imejaa kiasi gani. Ukubwa wa chombo chenyewe hazikuambii.

Njia ya kuujua ukubwa huo ni kuijaza betri mpaka mwisho, kuitoa umeme kwa mwendo unaojulikana, na kuhesabu ampea-saa, yaani Ah, zilizotoka mpaka ifike volti 10.5. Inafaa kwa mwenye duka anayejiuliza kama betri zake za miaka minne zimechoka, na kwa anayetaka kununua za mtu mwingine. Swali la mfukoni ni mzigo gani, yaani kitu cha kula umeme wa betri, na kipimo gani ununue kwa kazi hiyo. Nimevipanga kuanzia ninachokipendekeza.

1. Balbu mbili za taa za gari na mita ya kuhesabu ampea-saa

Hiki ndicho ningekinunua. Balbu ya H4 ya haloji, ile ya taa za mbele, ina nyuzi mbili, wati 55 na 60. Ukiwasha uzi mmoja kwa betri ya volti 12 inakula karibu ampea 5. Balbu mbili ni karibu ampea 10, na hiyo ndiyo namba tunayoitaka kwa betri ya 200Ah. Maduka ya vipuri vya magari yote yanazo. Nunua na soketi zake, usifunge waya kwenye miguu ya balbu. Kwa betri ya 100Ah tumia balbu moja tu.

Kwa nini ampea 10? Kwenye lebo, karibu na 200Ah, tafuta maandishi C20 au C10. C20 maana yake namba hiyo ilipimwa kwa kuimaliza betri kwa saa 20, yaani ampea 10 mfululizo. Ukiitoa kwa kasi zaidi inatoa kidogo zaidi, nawe utailaumu bure. Kama lebo inasema C10, betri ilipimwa kwa ampea 20 kwa saa 10, hivyo kwa mwendo wetu wa polepole inapaswa kutoa zaidi ya 200, karibu kumi kwa mia juu. Lebo ya C100 ni ya kuchungulia vizuri: namba hiyo imepatikana kwa kutoa umeme kidogo kidogo kwa saa 100, kwa hiyo hata ikiwa mpya usitarajie kuifikia.

Mita ni ile ndogo ya DC yenye kioo, inayoonyesha volti, ampea, wati na Ah kwa pamoja. Chagua inayobeba angalau ampea 20 bila kupata moto. Usijaribu kuokoa hela kwa kupitisha umeme wote ndani ya maltimita ya kawaida: tundu lake la 10A mara nyingi ni la sekunde chache tu, na kipimo hiki kinakwenda saa kumi na zaidi. Maltimita ina kazi nyingine, nitaisema.

Ongeza fyuzi ya ampea 20 karibu kabisa na nguzo chanya, na waya wa milimita za mraba 2.5. Balbu za haloji zinachoma kweli, kwa hiyo ziweke juu ya tofali au bati, mbali na katoni na mapazia, na usishike kioo chake kwa vidole vitupu. Wapo wanaouliza kama taa za LED zinafaa. Hapana, zinakula kidogo mno, utakaa wiki.

2. Inverta uliyonayo, balbu za nyuzi na mita hiyohiyo

Kama mfumo wako ni wa volti 24 na hutaki kuufumua, unaweza kuutoa umeme kupitia inverta. Balbu mbili za zamani za wati 100, zile zenye uzi, zinavuta takriban ampea 9 hadi 10 kutoka kwenye betri ukiweka na kile inverta inachokula yenyewe. Mita inakaa upande wa betri, kabla ya inverta, ndipo hesabu inakuwa ya haki.

Nimeiweka ya pili kwa sababu mbili. Betri zikiwa zimefungwa mfululizo, inverta inaona jumla tu: moja ikifa, zenzake zinaibeba, na ile mbovu inaweza kusukumwa mpaka seli zake zigeuke chanya kuwa hasi. Kwa hiyo lazima upite na maltimita kwenye kila betri, kila saa, na usimamishe kazi ya kwanza ikigusa 10.5, hata kama jumla bado inaonekana nzuri. Pili, watu huchomeka pasi. Pasi ya wati 1000 inavuta zaidi ya ampea 40 kwenye volti 24, halafu inawaka na kuzima yenyewe. Hapo hujapima kitu.

3. Mzigo wa elektroniki

Ni kisanduku chenye feni: unakiambia ampea 10, ukatie 10.5, nacho kinashikilia namba ileile na kujizima chenyewe. Ni kizuri kuliko vyote kwa usahihi. Fundi anayenunua betri kwa jumla na kuziuza Ukerewe na Sengerema akinunue hiki kwanza. Mwenye betri mbili nyumbani hakirudishi gharama yake, na mara nyingi ni cha kuagiza. Ukikinunua, angalia kinabeba angalau wati 150, maana ampea 10 kwa volti 12.5 ni wati 125 mfululizo.

4. Tester ya kubana na vile vya kuonyesha asilimia

Usinunue kwa kazi hii. Tester ya mafundi wa magari inaminya betri kwa sekunde chache kuona kama itawasha injini. Vile vidogo vinavyoandika afya 90% vinakisia kutokana na ukinzani wa ndani. Vinaweza kukamata betri iliyokufa kabisa, basi.

Siku ya kupima

Kwanza jaza, na hapa ndipo wengi wanapokosea. Betri ya jeli au AGM ifikishwe volti 14.4 au ile iliyoandikwa ubavuni, na ibaki hapo mpaka ampea zinazoingia zishuke hadi 2 hadi 4 kwa betri ya 200Ah. Taa ya kijani ya chaja pekee haitoshi. Jaza mahali penye hewa. Kisha iache ipumzike saa chache.

Anza alfajiri. Betri mbovu itakuangusha mchana ukiwa macho, na nzuri itakumalizia usiku kabla ya kulala. Uwe na chaja ya umeme wa TANESCO tayari, kwa sababu betri ikishafika 10.5 irudishwe kwenye chaji saa hiyohiyo. Kuiacha tupu mpaka jua litoke ni kuiua unayoipima. Kama unategemea sola tu, anza jioni ili umalize asubuhi, ila hapo weka kikatizi cha volti ndogo kilichopangwa 10.5, usitegemee usingizi.

Kila saa andika volti, ukipima kwa maltimita kwenye nguzo za betri zenyewe na si mwisho wa waya. Joto la kivulini hapa ziwani haliko mbali na nyuzi 25 ambazo betri nyingi hupimiwa kiwandani, kwa hiyo huhitaji kurekebisha hesabu, labda betri iwe ndani ya kibanda cha bati saa nane mchana.

Betri nne za duka la Kirumba

Mama mmoja mwenye duka la vinywaji Kirumba alikuwa na betri nne za jeli, 12V 200Ah C20, mbili mbili mfululizo. Friji ilikuwa inazima kabla ya usiku wa manane na alishaambiwa anunue nne mpya. Zote zilipopumzika zilisoma kati ya 12.7 na 12.8. Zilipimwa moja moja kwa balbu mbili, mita ikisoma wastani wa ampea 9.5.

Ya kwanza ilikwenda saa 15 na nusu na kutoa 147Ah. Ya pili ilitoa 143. Ya nne 133. Hizi zilishuka kistaarabu: saa nyingi kati ya 12.3 na 11.8, halafu zikaanza kuteremka haraka baada ya 11.5, kama betri ya risasi inavyopaswa.

Ya tatu ilikuwa kwenye 11.9 saa ya sita, na dakika chache baadaye ikasoma 10.1. Kuanguka kwa karibu volti mbili ghafla ni seli moja iliyokwisha huku tano zikiwa bado na umeme. Ilikuwa imetoa 57Ah tu. Mzigo ulipoondolewa ikapanda tena juu ya 12, na hapo muuzaji yeyote angeipima na kuapa ni nzima.

Kwa mitambo muhimu, betri ya risasi huhesabiwa imekwisha ikishuka chini ya 80% ya lebo. Kwa duka nashusha kizingiti hadi 65%, mradi mwenyewe ajue kuwa kuanzia hapo kuchoka kunaongeza mwendo. Ya kwanza na ya pili, 74% na 72%, zinalingana, kwa hiyo zikawa jozi. Jozi hiyo inabeba 143Ah kwa volti 24, na ukitumia nusu tu ili idumu unapata karibu wati-saa 1,700. Friji na taa zake za usiku zinakula kama 1,000. Ya nne, 67%, ikaenda kwenye taa za volti 12 za stoo. Ya tatu ikauzwa kwa kilo. Mpya haikununuliwa hata moja. Zile tatu zilikuwa zinavutwa chini na moja.

Kama unanunua za mtu

Omba kuweka amana, upime siku moja, urudishe zikishindwa. Akikataa, mpe bei ya chakavu. Baada ya kupima, gawa bei kwa ampea-saa ulizozipata, si zilizoandikwa. Tuseme mpya ya 200Ah ni 600,000, yaani shilingi 3,000 kwa kila Ah. Iliyotumika silipi zaidi ya nusu ya hapo, kwa kuwa umri wake uliobaki ni mfupi. Betri ya 147Ah kwa 1,500 ni 220,500. Akitaka 300,000 kwa sababu lebo inasema 200, mwonyeshe karatasi ya saa kwa saa.

Za lithiamu zipime kwa balbu hizohizo lakini usizisome kwa volti. Zinakaa karibu na 13 muda mwingi kisha zinaporomoka mwishoni, na bodi yake ya ulinzi ndiyo itakayokata. Hesabu ya Ah kwenye mita ndiyo jibu, na ikikata yenyewe uirudishe kwenye chaji.