Hadithi ya mbegu ya kuwalaza watoto: nimeipenda, kisha imenikasirisha

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Miezi michache iliyopita nilinunua hadithi ya kuwasomea watoto wakati wa kulala, kutoka kwa dada mmoja hapa Tanga anayeuza kazi zake kwenye WhatsApp. Amechukua slaidi za darasani zinazoeleza mbegu inavyokua mpaka kuwa mmea, akaziunganisha kuwa hadithi. Unapewa faili, unafungua kwenye simu, unamsomea mtoto slaidi moja moja huku unatelezesha kidole. Michoro ni mizuri kweli. Kunde amechorwa na jicho lake jeusi, amejifunika udongo kama shuka, mvua inamgongea polepole. Binti yangu hajaanza darasa la kwanza, lakini usiku wa mwanzo tu alinisomesha mpaka sauti ikanikauka.

Na kuna slaidi moja niseme haki yake. Kunde anasema ndani ya tumbo lake ana akiba aliyowekewa na mama yake, hivyo haogopi giza. Hapo mwandishi amepatia kabisa. Mbegu ya kunde ukiimenya ikiwa imelowa unaona vipande viwili vinene, zile ghalambegu za shuleni, na katikati yake mmea mchanga mdogo kama ncha ya sindano. Vile vipande ndivyo chakula chake cha mwanzo. Kuambiwa hivyo kwa sauti ya kubembeleza, mtoto anaelewa bila kufundishwa. Kwa slaidi hiyo peke yake nilikuwa tayari kuwatumia shoga zangu wote wa Makorora wainunue.

Tatizo ni slaidi inayofuata. Imeandikwa: "Kwanza Kunde akatoa majani, kisha shina, na mwisho akashusha mizizi yake ardhini." Nilipoisoma mara ya kwanza niliipita, usingizi ulikuwa umenishika. Binti hakuipita. Aliomba kunde jikoni, nikamwekea zile za kupikia: nikaziloweka usiku kucha, nikakunja pamba yenye maji ndani ya glasi, nikazibana kunde kati ya pamba na kioo ili azione. Kwa joto letu la pwani kunde hazichelewi, baada ya siku 1 au 2 zinapasuka. Kikatoka kitu cheupe, kifupi, chenye ncha, pembeni kabisa mwa lile jicho jeusi. Mzizi. Jani hata dalili hakuna.

Mtoto akalia. "Mama, kunde yangu imekosea." Akataka tuitupe.

Jamani, hapo ndipo nilipochemka. Mbegu imefanya sawasawa kama inavyotakiwa, halafu mtoto anaiona ina kasoro kwa sababu ya sentensi moja.

Mzizi hutangulia kwa sababu zake. Kunde akishafyonza maji anavimba, ganda linapasuka, na shida yake ya kwanza ni maji zaidi na pa kushikilia. Chakula anacho tayari, mwandishi mwenyewe ametuambia kwenye slaidi ya nyuma! Jani la nini kwa haraka, chini ya udongo ambako hakuna mwanga? Shambani kunde hufukiwa sentimita 3 hadi 5 hivi. Asiposhika chini kwanza, atajisukuma juu kwa kuegemea nini? Mzizi ukishazama, shina ndilo linalojikunja kama shingo ya bata, linatoboa udongo kwa ule mkunjo ili ncha changa isichubuke, kisha linanyooka na kuvibeba vile vipande viwili juu. Ndipo majani ya kweli yanapofunguka, na vile vipande vinasinyaa na kudondoka vikiwa vimemaliza kazi.

Nimewaza sana kosa limetoka wapi, na naamini nimelipata. Slaidi za darasani zina ile picha ya sehemu za mmea, inayosomwa kutoka juu kwenda chini: majani, shina, mizizi. Pale hakuna kosa, ni orodha ya viungo. Mwandishi ameichukua orodha ile, akaiwekea "kwanza", "kisha" na "mwisho", ikageuka kuwa mfuatano wa matukio. Slaidi inaweza kutaja vitu bila kusema kipi kilitangulia, lakini hadithi ukiianza tu imeshasema. Anayegeuza slaidi kuwa hadithi lazima aulize kila picha: hii inaonyesha sehemu, au inaonyesha wakati?

Basi nikamwandikia yule dada kwa heshima zote. Shikamoo nilitoa, maana kwa picha yake anaonekana kanizidi umri. Nikamweleza, nikamtumia na picha ya glasi. Akanijibu kwa sauti iliyorekodiwa, tena ndefu: "Mama nanihii, hiyo ni hadithi ya kulalia, si mtihani. Mtoto akilala kazi yangu imeisha. Ukitaka sayansi mpeleke shule." Marahaba yenyewe sikuipata.

Nikamjibu kwamba mtoto hakulala, alilia. Ndipo akatoa hoja moja yenye maana katika mazungumzo yote: "Mbona nazi inatoa jani kwanza?" Na kweli, sisi watu wa minazi tunaiona nazi iliyolazwa kivulini ikichomoza kichipukizi kutoka kwenye kumbi kabla hatujaona mzizi nje. Nampa haki yake: nazi ni ya namna yake. Hupitisha chipukizi kwenye lile jicho laini kati ya macho matatu, mizizi inaanza kutambaa ndani ya makumbi ambako hatuioni, na ndani ya kifuu linakua joya linalofyonza nyama na maji ya nazi kulisha mche. Angeandika hadithi ya nazi na joya lake, watoto wa Tanga wangeifurahia mno. Lakini ameandika ya kunde, na kunde mtoto anaweza kuiotesha kwenye glasi akaona mwenyewe.

Sasa niseme mnunue au msinunue? Jana ningesema msinunue, pesa zenu mkanunulie kunde zenyewe. Leo nimetulia kidogo. Hadithi inarekebishika kwa sentensi moja, na mimi sasa naisoma hivi: "Kwanza Kunde akashusha mguu wake mweupe gizani, akanywa maji. Kisha akainamisha shingo, akasukuma udongo. Mwisho akafungua majani." Mtoto anatulia vilevile, na asubuhi glasi inamuunga mkono. Mkiotesha nyumbani, pamba iwe na unyevu tu, kunde zisizame majini. Mbegu inavuta hewa, ikizama inaoza, na mtajua kwa harufu na maji kuwa na ukungu.

Kwa hiyo faili ni zuri kwa mzazi atakayebadilisha ile slaidi kwa mdomo wake. Lakini kumpa mtoto asikilize peke yake ile sauti ya hadithi iliyorekodiwa inayokuja na faili, hapana, sishauri, kwa sababu pale hakuna wa kurekebisha. Na kwa yule dada sinunui kingine mpaka aibadilishe slaidi hiyo, hata akichora ya nazi.